Vitabu 12, Wanafunzi 84: Andalio la Somo la Dakika 40

Katika chuo chetu hapa Uingereza, darasa kubwa la Kiswahili halifiki watu 20, na kila mmoja ana kitabu chake. Kwa hiyo mmoja wetu aliposema kwamba shangazi yake anafundisha Kiswahili Darasa la Tatu lenye wanafunzi 84 na vitabu 12, swali la kwanza lililotujia sisi wanne lilikuwa: anaanzaje? Hatukumaanisha anavumiliaje. Tulitaka kujua anapokaa jioni na kalamu yake, anaandika nini kwanza katika andalio la somo.

Tulimpigia simu Jumamosi kadhaa, naye akatutumia picha za maandalio yake na ujumbe wa sauti. Anafundisha katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, na ametuomba tusitaje jina lake wala la shule. Humu tutamwita Mwalimu. Makala hii inafuata somo lake moja tu, la dakika 40, kuanzia jioni ya maandalizi mpaka tathmini aliyoiandika baada ya kipindi. Tumechagua somo la kusoma kwa ufahamu, kwa sababu hapo ndipo uhaba wa vitabu unapobana zaidi. Hesabu unaweza kuziandika ubaoni, lakini mtoto hajifunzi kusoma bila kuwa na maandishi mbele ya macho yake.

Kwa wasomaji ambao hawakusoma Tanzania, tuseme kwanza darasa kama hili linatoka wapi. Ada za shule za msingi zilifutwa wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, na kuanzia mwaka 2016 serikali ilifuta pia michango ya lazima iliyokuwa imerudi. Mara zote mbili watoto walimiminika shuleni kwa kasi kuliko madarasa na walimu. Kiwango kinachotajwa na serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Katika shule nyingi idadi hiyo ni ya kwenye karatasi, na andalio la somo halina budi kuandikwa kwa idadi iliyopo.

Hesabu kabla ya somo

Andalio la somo la Tanzania lina umbo linalojulikana na kila mwalimu. Juu kuna tarehe, darasa, kipindi, na jedwali la wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana na wasichana. Chini yake kuna mada, malengo na zana. Kisha zinafuata hatua za somo: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho. Mwisho kabisa kuna nafasi ya tathmini.

Mwalimu alituambia kwamba yeye haanzi na mada. Anaanza na hesabu tatu pembeni ya daftari lake, na hesabu hizo ndizo zinazoamua somo litakuwaje.

Ya kwanza ni ya muda. Dakika 40 ukizigawa kwa wanafunzi 84, kila mmoja anapata chini ya nusu dakika. Maana yake ni kwamba hawezi kumsikiliza kila mtoto katika kipindi kimoja, hata akitaka. Akifanya kama ilivyozoeleka, yaani mmoja anasimama na kusoma huku wengine wanafuatilia, na kila msomaji akapewa dakika moja, basi katika dakika 20 watakuwa wamesoma 20. Wale 64 waliobaki wamesikiliza tu, na wengi wao hata hawakuwa na kitabu cha kufuatilia.

Ya pili ni ya vitabu. Vitabu 12 kwa watoto 84 ni kitabu kimoja kwa watoto saba. Tulijaribu jambo hili wenyewe katika kikao cha chama. Watu sita walizunguka kitabu kimoja juu ya meza. Wawili walikuwa wanasoma vizuri, wawili kwa ubavu, na wawili waliokaa upande wa pili waliyaona maandishi kichwa chini. Sisi ni watu wazima tunaojua kusoma, na bado tuliokaa upande ule tuliacha baada ya mistari miwili. Mtoto anayejifunza silabi hawezi kabisa. Mwalimu anasema kitabu kimoja kinahudumia watoto watatu waliokaa upande mmoja, yule wa katikati akikishika. Zaidi ya hapo, kitabu kipo mezani lakini wengine hawakisomi.

Ya tatu ni ya madawati. Ana madawati 28, yamepangwa safu 4 zenye madawati 7 kila moja, na kila dawati linakaliwa na watoto watatu. Hiyo ni bahati. Dawati la watatu lina ukubwa uleule wa kundi linaloweza kusoma kitabu kimoja, na watoto hawahitaji kuhama ili kuunda makundi. Kuhamisha watoto 84 ndani ya chumba kimoja kunakula dakika tano kwenda na tano kurudi, yaani robo ya kipindi.

Ukiziweka hesabu hizi pamoja, jibu linajitokeza lenyewe. Vitabu 12 havitoshi madawati 28, lakini vinakaribia kutosha madawati 14. Kwa hiyo darasa linagawanywa mara mbili. Nusu moja inasoma vitabuni huku nusu nyingine inaandika, kisha zinabadilishana. Vitabu vilevile vinafanya kazi mara mbili katika kipindi kimoja.

Jioni ya maandalizi

Kazi ya kwanza ya jioni ile ilikuwa kuvifungua vitabu vyote 12 kwenye ukurasa atakaoutumia kesho. Anafanya hivyo kila mara, kwa sababu kitabu kinachopita mikononi mwa watoto wengi hupoteza kurasa, na ukurasa uliopotea hujulikana pale tu watoto watatu wanapoanza kugombana katikati ya somo. Siku ile kitabu kimoja hakikuwa na ukurasa huo. Vilibaki 11 kwa madawati 14, kwa hiyo alinakili habari ile kwa mkono mara tatu, kwenye karatasi zenye mistari, kwa herufi kubwa kuliko mwandiko wake wa kawaida. Nakala hizo hazitupwi. Anazibandika kwenye boksi gumu, na sasa ana rundo lake.

Kazi ya pili ilikuwa gunia. Ndivyo watoto wanavyoliita, ingawa ni mifuko miwili ya saruji ya karatasi iliyopasuliwa, ikatolewa tabaka za ndani ambazo ni safi, ikafutwa vumbi na kuunganishwa kwa uzi. Juu yake aliandika kwa kalamu nene habari fupi aliyoitunga mwenyewe:

*Mama alimtuma Asha dukani kununua chumvi na kiberiti. Asha aliweka noti yake kwenye mfuko wa sketi. Njiani alimkuta mbuzi wa jirani amenasa kwenye waya. Asha aliinama, akavuta waya, mbuzi akatoka. Alipofika dukani, mfuko ulikuwa mtupu. Asha alirudi mbio mpaka kwenye ule waya. Noti ilikuwa kwenye majani.*

Ni maneno 46 tu. Tulimwuliza kwa nini fupi hivi, akatujibu kwamba urefu umeamuliwa na dawati la mwisho. Ili mtoto wa nyuma asome, kila herufi inahitaji kimo cha vidole viwili vilivyolazwa pamoja, na kwa kimo hicho gunia lake halipokei zaidi ya maneno 50. Kabla ya somo analitundika, anaenda kukaa kwenye dawati la mwisho na kusoma kutoka pale. Asipoweza kusoma yeye bila kukodoa macho, anaandika upya.

Kwa nini asiandike ubaoni? Kwa sababu kunakili habari ubaoni kunamchukua dakika sita au saba akiwa amewapa watoto mgongo, na watoto 84 waliopewa mgongo kwa dakika saba hawarudi haraka. Gunia linaandikwa jioni, linatundikwa kwa sekunde chache, na mwakani litatumika tena.

Kazi ya mwisho ilikuwa maswali matatu, na hapa kuna ujanja uliotufurahisha. Maswali hayo si ya kila mtoto. Anayekaa kushoto mwa dawati anajibu la kwanza: Asha alitumwa kununua vitu gani? Wa katikati anajibu la pili: Asha alimfanyia nini mbuzi? Wa kulia anajibu la tatu: Asha aliipata wapi noti yake? Zamani aliwapa wote swali moja, na alipokusanya madaftari alikuta dawati zima lina kosa lilelile la tahajia. Kosa linalofanana kwa watoto watatu waliokaa pamoja ni dalili kwamba mmoja ameandika na wawili wamenakili. Sasa jirani hana jibu la kunakili, kwa sababu swali lake ni jingine. Kila wiki anabadilisha zamu, ili wa kulia asibebeshwe swali gumu mwaka mzima.

Nani anakaa na nani

Mpango huu ungekwama kama watoto wangekaa wapendavyo. Mwanzoni mwa muhula Mwalimu alimsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika moja peke yake. Kwa watoto 84 hizo ni dakika 84, ambazo huwezi kuzipata siku moja, lakini kwa watoto wanane au tisa kwa siku, wakati wengine wananakili zoezi, alimaliza katika siku 10 za shule. Aliandika alama moja tu mbele ya kila jina: anasoma sentensi, anasoma maneno, au bado yuko kwenye silabi. Waliokuwa bado kwenye silabi walikuwa 17.

Kisha alipanga madawati upya. Kila dawati lilipata msomaji mmoja anayesoma sentensi, na hakuna dawati lililopata watoto wawili wa silabi. Lakini kuwaweka pamoja hakutoshi, maana msomaji hodari akiachiwa kitabu atakisoma chote mwenyewe na wenzake watamwangalia. Kwa hiyo kuna kanuni tatu ambazo darasa zima linazijua kwa moyo. Anayesoma ndiye anayeweka kidole chini ya neno. Hodari anasoma wa mwisho. Na mwenzako akikwama, unaruhusiwa kumtajia silabi ya kwanza tu, si neno zima.

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtoto wa miaka tisa, anasema, kwa sababu kujua neno na kunyamaza ni mateso.

Kipindi chenyewe

Siku ya somo walihudhuria watoto 79 kati ya 84. Mwalimu aliandika namba hiyo, akawasogeza watoto walioachwa peke yao kwenye madawati ili wapate wenzao, akaanza.

Utangulizi ulichukua dakika tano. Baada ya "Shikamoo Mwalimu" iliyosikika mpaka barabarani na marahaba yake, aliwauliza nani amewahi kutumwa dukani na nini kilitokea njiani. Alisikiliza majibu manne, akaandika ubaoni maneno mawili yatakayowasumbua: *amenasa* na *mtupu*. Hakuongeza la tatu. Maneno mengi mapya kwa wakati mmoja, anasema, watoto huyakariri bila kuyahitaji.

Hatua ya maarifa mapya ilichukua dakika nane. Alilifunua gunia, akasoma habari yote mara moja huku watoto wamekunja mikono. Kisha alisoma sentensi kwa sentensi, safu moja ikirudia baada yake, halafu inayofuata. Hapa kuna hatari ambayo kila mwalimu wa darasa kubwa anaijua: kwaya. Watoto 79 wakiitikia pamoja, chumba kinatetemeka na unaweza kudhani wote wanasoma. Ukweli ni kwamba kumi wanasoma, wengine wanafuata sauti kama watu wanavyofuata kiitikio cha wimbo wasioujua. Mwalimu ana njia rahisi ya kupima. Anaacha kusoma kwa mpangilio na kuweka fimbo yake chini ya neno lolote: *kiberiti*, kisha *waya*, kisha anarudi juu kwenye *noti*. Anayefuata sauti anaendelea na sentensi ya zamani au ananyamaza. Siku ile safu ya tatu ilipiga kelele "dukani!" fimbo ilipokuwa chini ya *kiberiti*, naye akarudia nao sentensi ya kwanza.

Hatua ya kuimarisha maarifa ndiyo moyo wa somo, dakika 20: tisa za duru ya kwanza, mbili za kubadilishana, tisa za duru ya pili. Vitabu na nakala vilikuwa tayari kwenye madawati ya mbele ya safu mbili za kwanza kabla watoto hawajaingia, vikapitishwa nyuma dawati kwa dawati. Kila safu ina kiongozi wake wa kuhesabu. Mwalimu akigawa mwenyewe kwa kutembea anatumia dakika tano, lakini vikipitishwa, haifiki moja.

Kisha safu mbili zilisoma habari ya kitabuni kwa zamu, sentensi moja kwa kila mtoto, na zikirudia zikimaliza. Safu mbili nyingine ziliandika majibu ya maswali ya gunia. Hebu tupige hesabu tena. Dakika tisa kwa watoto watatu ni dakika tatu za kusoma kwa sauti kwa kila mmoja. Ukitoa za kugombania kidole, labda ni mbili. Kwa njia ya zamani watoto 20 walipata dakika moja moja na waliobaki hawakupata kitu.

Kelele? Zipo. Kanuni ni kwamba jirani yako wa dawati akusikie lakini wa dawati la mbele asikusikie, na kanuni hiyo inafuatwa kwa dakika nne hivi za mwanzo. Mwalimu hapigi kelele juu ya kelele. Anainua mkono na kusubiri, viongozi wa safu wanainua yao, sauti inashuka. Anayemaliza kuandika mapema ana kazi iliyoandikwa tayari ubaoni: andika sentensi moja kuhusu kitu ulichowahi kupoteza. Bila kazi hiyo, watoto kumi waliomaliza mapema wanatosha kuharibu somo la wengine 69.

Yeye mwenyewe alikuwa wapi? Hili ni jambo analolipanga na kuliandika. Hazunguki darasa zima. Katika kila duru anakaa kwenye madawati manne tu yaliyotajwa kwenye andalio, dakika mbili kila moja, akisikiliza. Madawati manane kwa kipindi ni darasa zima katika vipindi vinne. Akizunguka kote anawaona wote na hamsikii yeyote.

Vidole hewani

Tafakuri ilikuwa ya dakika nne. Vitabu vilirudi mbele. Gunia likakunjwa. Aliwaambia walaze vichwa kwenye madawati, wafumbe macho, wainue mkono mmoja na kuonyesha jibu kwa vidole. Noti ilianguka lini: kidole kimoja, kabla Asha hajamkuta mbuzi, viwili, alipokuwa anamtoa mbuzi, vitatu, alipofika dukani?

Habari yenyewe haisemi noti ilianguka lini. Mtoto lazima aunganishe kuinama, mfuko mtupu na majani yaliyo karibu na waya. Aliyeimba na kwaya hawezi kulijibu, na kwa kuwa macho yamefumbwa hawezi kuangalia vidole vya mwenzake. Mwalimu alitembea mbele ya kila safu akihesabu waliokosa, kwa sababu ni wachache na huhesabika upesi. Walikuwa watatu safu ya kwanza, wanne ya pili, wanne ya tatu na kumi ya nne. Jumla 21.

Hitimisho lilichukua dakika tatu. Watoto wawili walieleza kwa nini jibu ni viwili, na kiongozi wa safu ya kwanza akakusanya madaftari ya safu yake pekee. Hapo napo kuna hesabu. Kusahihisha madaftari 84 kwa dakika moja kila moja ni karibu saa moja na nusu, kwa somo moja, na Mwalimu anafundisha masomo mengine pia. Kwa hiyo anasahihisha safu moja kwa siku, madaftari yasiyozidi 21, na kufikia Alhamisi kila mtoto amesomewa jibu lake na mwalimu mara moja. Ijumaa ni ya waliokosa siku yao. Safu nyingine zinabadilishana madaftari na kusahihishana kwa majibu ya ubaoni. Anakiri kwamba hiyo ni nusu ya kazi: mtoto anaweza kuona kama jibu la mwenzake ni sahihi, lakini tahajia mbovu inampita.

Tathmini iliyomrudisha dirishani

Sehemu ya tathmini mara nyingi hujazwa kwa sentensi moja, kwamba somo limeeleweka. Mwalimu aliandika: *58 kati ya 79 wamepata. Waliokosa: 3, 4, 4, 10. Safu ya nne?*

Alitueleza anavyoisoma mistari hiyo. Waliokosa wakiwa wametawanyika sawasawa, tatizo ni swali au mafundisho, na somo lirudiwe kwa wote. Wakirundikana mahali pamoja, tatizo ni mahali. Safu ya nne iko kando ya madirisha yasiyo na mapazia. Alirudi darasani saa ileile ya siku iliyofuata, akakaa kwenye madawati ya safu ile na kulitazama gunia. Jua la saa nne lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye macho. Watoto kumi hawakuwa wameshindwa ufahamu. Hawakuwa wameona maandishi vizuri. Alihamishia msumari wa gunia kwenye kona ya pili. Jambo hilo lisingejulikana kama angehesabu darasa zima kwa jumla moja.

Tulimwuliza pia njia hii inashindwa wapi. Alitaja mambo mawili bila kusita. La kwanza ni siku mwalimu mwenzake anapokosekana na mikondo miwili inaunganishwa. Hapo watoto wanapita 150, dawati moja linabeba watano au sita, na kugawa nusu kwa nusu hakuwezekani. Siku hiyo anatumia gunia na vidole tu, na anaandika hivyo kwenye andalio, ili asihesabu kwamba wamesoma kitabuni.

La pili ni wale 17. Kukaa karibu na msomaji hodari kunawasaidia kutokuachwa nje, lakini mtoto ambaye hajazijua silabi hafundishwi silabi na habari ya maneno 46. Kwa ajili yao amekata kadi kutoka kwenye maboksi na anabaki nao Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, dakika 20. Mpaka tulipozungumza naye mara ya mwisho, sita walikuwa wamehamia kwenye maneno. Wengine wawili wanaishi mbali na hawawezi kubaki, na kwa hao bado hajapata mpango. Katika andalio lake la wiki ile majina yao wawili yalikuwa yameandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, bila maelezo.